Mhariri kafuta "vilabu" vyangu, "vitabu" kaviacha. Mantiki iko wapi?

Wakuu, nimechoka. Nimepeleka makala ya michezo, imerudi "vilabu" vyote vimefutwa na kuwekwa "klabu zote". Pembeni kaandika: "Neno la kigeni hili, ki si kiambishi, usiliharibu." Aya inayofuata ina "vitabu" na hakuvigusa! Kitabu limetoka Kiarabu, na ile ki ni sehemu ya neno lenyewe. Waarabu wakiwa na vingi husema kutub. Sisi ndio tuliosikia ki tukaichukulia kama ya kiti na kisu, tukazaa vi. Kama huo ni uharibifu, afute na vitabu basi.

Kilabu limepita njia hiyohiyo. Kwa Kiingereza linaanza na k na l zilizogandana, na mwishoni halina irabu. Anayekijua Kiingereza huongeza u tu, akasema klabu. Asiyekijua huchomeka na i katikati ili ulimi upite. Mtoto wake sasa anakua akisikia ki-labu. Wingi wake autoe wapi kama si vilabu? Hakuna aliyemfundisha!

Binti Kalamu: Mhariri yuko sahihi. Maneno ya mkopo hukaa ngeli ya i-zi: meza, redio, picha. Hayabadiliki.

Mzee Sarufi: Mengi hukaa huko, binti yangu, yakikosa pa kushikwa. Meza halina mwanzo unaofanana na kiambishi. Lakini madigadi ya baiskeli je? Kiingereza kilileta "mudguard", nalo ni la umoja. Watu wakasikia ma, wakajua ni wingi, wakaikata wakapata digadi. Ukitaka kujua neno limekaa wapi kwa msemaji, sikiliza upatanisho: anasema "kilabu hiki" au "klabu hii"? Kinachonishangaza ni wanaoandika klabu hii, halafu vilabu hivi. Umoja uko i-zi, wingi umehamia ki-vi. Litaishia wapi, sijui.

Mwanapwani: Mimi leso ndilo linalonitesa. Limetoka kwa Wareno, kwao ni kitambaa cha mkononi. Kwetu leso ni ya kujifunga. Nikiiomba bara naletewa cha kufutia jasho!

Kijana wa Leo: Tatizo ni hawa wanaochanganya Kiingereza kila sentensi. Wapigwe faini.

Mwenye uzi: Ndugu, rudi usome. Anayechanganya anazijua lugha zote mbili. Mimi nasema neno ambalo msemaji wake hajui hata lilitoka wapi.

Mzee, shikamoo. Kuna jambo limenizidishia hasira. Timu watu huiita klabu, lakini pa kunywea pombe ni kilabu. Sijasikia mtu akisema "klabu ya pombe". Neno moja limezaa mawili, kila moja na kazi yake, na yule mhariri anaona kosa la tahajia tu!

Mzee Sarufi: Marahaba. Ila kwenye wingi yanakutana tena, yote vilabu. Hapo mhariri wako angeweza kudai kuwa anatenganisha timu na pombe.

Mwenye uzi: Angeandika hivyo ningemsikiliza. Yeye kaandika "usiliharibu". Makala nimeiondoa.