Jaribio la sauti darasa la tatu: makopo ya maziwa au vyombo vya plastiki?

ticha_wa_tatu: Habarini wakuu. Jumatatu nataka watoto wangu (wengi miaka 8) wafanye jaribio la sauti na mtetemo kwa rababendi. Nimepata bei ya vyombo vya plastiki vya aiskrimu vilivyotumika, na kuna mama anauza makopo matupu ya maziwa ya unga. Nichukue kipi? Pia naomba mwenye karatasi ya kurekodi aniwekee hapa, nitapiga fotokopi kesho.

Mama Pili: Watoto wangapi? Na una rababendi za saizi gani? Hujasema lolote, tutakusaidiaje?

Nyali Boy: Kopo ndiyo mkebe, sivyo? Mimi niliona mikebe hufaa. Toboa kitako, pitisha uzi, funga kwa kijiti cha kiberiti, mkebe wa pili vivyo hivyo. Mwambie mtoto avute uzi ukazike, asikize. Simu tayari, hata rababendi hazihitajiki.

ticha_wa_tatu: @Nyali Boy asante ndugu, ila hiyo ni simu ya kopo, mimi nataka rababendi. @Mama Pili samahani, watoto 58, vikundi 10. Rababendi ni za pakiti, zile za kahawia za kufungia noti, mchanganyiko wa nyembamba na nene. Mpango wangu ni wavalishe kopo bendi nyembamba na nene, wasikie kwamba nene inatoa sauti nene.

fundi_spika: Mwalimu, hapo simama kwanza kabla hujanunua chochote. Jifungie jikoni ujaribu mwenyewe. Chukua bendi mbili zenye urefu sawa zikiwa zimelegea, moja nyembamba na moja pana, uzivalishe kopo moja. Sauti zitakaribiana sana.

Sababu yake si ngumu. Chukua bendi mbili nyembamba zinazofanana, ziweke sambamba: zinatoa sauti moja. Sasa zigandishe ziwe bendi moja pana. Uzito umekuwa mara mbili, lakini na nguvu inayoivuta imekuwa mara mbili vilevile. Sauti itabadilikaje? Ukisikia tofauti kubwa, mara nyingi ni kwa sababu bendi pana ilikuwa fupi au ndefu kuliko mwenzake tangu kwenye pakiti, kwa hiyo imekazwa tofauti.

Kamba Sita: Fundi unawapoteza watu. Nimepiga gitaa miaka 15. Kamba nene sauti nzito, kamba nyembamba sauti nyembamba. Hilo halina mjadala.

fundi_spika: Kwenye gitaa ni kweli, kwa sababu unene wa kamba na mkazo wake ni vitu viwili, mkazo unauweka wewe kwa ufunguo. Rababendi mkazo wake unatoka kwenye unene wake huohuo.

Kamba Sita: Nimejaribu sasa hivi kwenye bakuli. Nene imetoa nzito.

fundi_spika: Ulizilinganisha urefu kabla ya kuzivalisha?

Mama Pili: Na msisahau lugha yenyewe inawachanganya watoto. Ukisema "mpira mnene" halafu ukauliza sauti ni nene au nyembamba, mtoto wa miaka 8 hasikilizi, anarudisha neno ulilompa. Nilishakusanya karatasi 40 zote zimeandikwa "nene", hata za kikundi ambacho bendi yao ilikuwa imekatika! Halafu "sauti ya juu": nusu ya darasa wanaelewa kelele, nusu wanaelewa nyembamba. Mimi siku hizi naanza kwa kuigiza: mbu, halafu ng'ombe. Baada ya hapo wanaandika "kama mbu zaidi" au "kama ng'ombe zaidi", mambo yanakwenda.

ticha_wa_tatu: Duh. Sasa nibadilishe nini kipimwe?

fundi_spika: Badilisha urefu unaotetema, mengine yote yabaki vilevile. Pindua kopo kitako kiwe juu. Vipande viwili vya penseli viweke juu ya kitako, bendi moja ipite juu yake ikizunguka kopo. Penseli zinaiinua isiguse bati. Wakiziweka mbali kwa vidole vinne, wavute katikati na kuachia. Kisha wazisogeze zibaki vidole viwili. Urefu umekuwa nusu, na sauti inakuwa nyembamba kiasi ambacho hata mtoto wa nyuma darasani anasikia. Na kitako cha bati kinatetema chenyewe, kinaikuza sauti kama ngozi ya ngoma. Wambie waguse kitako kwa kidole wakati bendi inalia. Plastiki laini hainifurahishi kwa hilo.

Angalizo: kopo refu la maziwa linaimaliza bendi ndogo. Pima kwa uzi mzunguko wa kopo kutoka kitako mpaka mdomoni na kurudi. Ukizidi mara mbili ya mzunguko wa bendi iliyolegea, tafuta kopo fupi au bendi kubwa.

Mzee wa Zeze: Sisi zeze letu ni kibuyu. Vijana wa leo hata kibuyu hamkijui.

Mama Pili: Mie bati silitaki tena, nawaeleza kwa nini. Mwaka fulani tulikuwa na makopo ya nyanya, yamefunguliwa kwa kisu jikoni, mdomo una meno. Nikawaambia wazazi wayalete yakiwa yameoshwa, wakayaosha kweli, ila hakuna aliyeukunja ukingo. Jaribio halijafika dakika kumi mtoto anakuja na kidole kinavuja, anacheka kwanza, alipoona damu ndio akaanza kulia, na darasa zima likalia naye. Bendi tatu zilikuwa zimekatikia hapohapo kwenye meno, moja ikamruka mwenzake karibu na jicho. Somo la sauti likawa somo la huduma ya kwanza. Plastiki sauti yake hafifu, lakini nalala usingizi.

Nyali Boy: Sasa si uchukue mikebe ya maziwa, ile ina ukingo umekunjwa tayari?

Mama Pili: Nje ndiyo. Ndani ile karatasi ya bati ikishang'olewa inaacha ulimi mkali. Pitisha kidole uone. Au usipitishe.

fundi_spika: Ndiyo maana nimesema kitako juu, mdomo uwe chini umefungwa utepe mzito kuzunguka ukingo mzima. Bendi ipite juu ya utepe.

ticha_wa_tatu: Karatasi je?

Mama Pili: Yangu ina mistari mitatu tu, safu nne. Watoto wazungushie duara, wasiandike sana:

Tulichofanya | Nilikisia | Mbu / Ng'ombe / Ileile | Kelele zaidi / Kidogo / Ileile

1. Penseli mbali → karibu
2. Penseli palepale, vuta kidogo → vuta zaidi
3. Bendi nyembamba → pana

Mstari wa pili ndio unaotenganisha kelele na wembamba. Bendi ile ile, kelele inaongezeka, lakini haigeuki mbu. Na kukisia kuzungushiwe kabla ya kugusa bendi, la sivyo wanafuta.

fundi_spika: Mstari wa 3 mimi ningeutoa.

Mama Pili: Mimi ningeuacha. Wapate "ileile" washangae.

Kamba Sita: Hawatapata ileile. Nimewaambia.

ticha_wa_tatu: Nimejaribu na kopo la jirani. Nusu ya bendi zangu zimekatika, nyingine zinanata kama ubani. Duka la stesheneri lilizianika dirishani juani sijui toka lini. Kuna mtu Temeke anajua wapi zinauzwa mpya?

Mzee wa Zeze: Tyubu ya baiskeli. Kata mwenyewe.

Nyali Boy: Tyubu hailii, hiyo ni ya manati.