Orodha ya Excel, OmegaT au programu ya kulipia? Sera za wafanyakazi kwa Kiingereza na Kiswahili, Malindi

Bint_Shela

Hamjambo wenzangu. Niko ofisi ya wafanyakazi katika kampuni yenye hoteli tatu, mbili hapa Malindi na moja Watamu. Tuna sera kumi na moja, kama kurasa 240 za Kiingereza, na kila moja ina nakala yake ya Kiswahili. Nakala hizo zilitafsiriwa na watu watatu katika muda wa miaka sita, na kila mtu alikuja na maneno yake.

Mwezi uliopita kijana wa jikoni alipewa barua kwamba amesimamishwa kazi. Wiki mbili baadaye akaja langoni asubuhi, sare imepigwa pasi, akijua adhabu imekwisha. Kumbe barua ya Kiingereza ilisema `termination`. Nikafungua sera zetu. Ile ya nidhamu inasema "kusimamishwa kazi" ikimaanisha `suspension`, na ile ya mikataba inasema maneno yale yale ikimaanisha `termination`. Iliniuma sana, maana mimi ndiye niliyemsomea barua ile.

Nimepewa miezi miwili kusafisha. Nalinganisha njia tatu: tubaki na Word pamoja na orodha ya maneno kwenye Excel, twende OmegaT, programu ya watafsiri ambayo ni ya bure, au tuombe programu ya kulipia kama Trados au memoQ. Aliyewahi kufanya kazi hii anishauri.

Kassim_Watamu

Dada, orodha ya nini tena? Chukua programu yoyote yenye kumbukumbu ya tafsiri, iingizie nakala zote za zamani, umemaliza. Sentensi ikijirudia inakuletea tafsiri ile ile. Mimi natafsiri mikataba ya kupangisha nyumba kwa wageni na mlingano wa 100% haujawahi kuniangusha. Neno likiwa baya unalibadilisha kote kwa mkupuo mmoja.

Mzee_Langoni

Wanangu, salamu kutoka Amu. Naona tatizo ni hicho Kiswahili cha ofisini. Tulipoandika masharti ya chama chetu cha majahazi tulibishana jioni nzima, huyu anataka "mabaharia", yule "wanamaji". Mwisho tukakata shauri kuwa ni mabaharia, tukaandika ukurasa wa mwanzo baharia ni nani na nahodha ni nani, na kila aliyeongeza kifungu baadaye alitazama ukurasa ule kwanza. Hatukuwa na kompyuta. Kaeni chini mkubaliane maneno.

Fundi_Istilahi

Mzee wangu, shikamoo. Hujajibu swali la programu, lakini umeitaja kazi ambayo Kassim ameiruka.

Bint_Shela, kumbukumbu ya tafsiri hukumbuka sentensi nzima kama ilivyotafsiriwa, wala haijui kama ilitafsiriwa vizuri. Ukiimwagia nakala za watu watatu, itakurudishia maneno ya watu watatu, safari hii yakiwa na alama ya 100% pembeni. Mtu akiona 100% hasomi tena. Mikataba ya Kassim haimwangushi kwa sababu ni mtafsiri mmoja na ni mkataba ule ule unaobadilishwa majina na tarehe.

Benki ya istilahi ni kitu kingine. Yenyewe haihifadhi sentensi, inahifadhi uamuzi: dhana hii, kwetu, ni neno hili, na neno lile haliruhusiwi. Na vitu hivi viwili havisemezani. Ukibadilisha neno kwenye benki leo, sentensi elfu moja zilizomo kwenye kumbukumbu zinabaki na neno la jana, na kesho zitapendekezwa kama kawaida.

Kwa hiyo anza na benki, na usianze na alfabeti. Anza na familia ya maneno yanayogongana. Kwako ni haya manne, na yameachana kisheria. Kwenye OmegaT faili ni `glossary.txt`, safu tatu zinazotenganishwa kwa kitufe cha Tab: neno la Kiingereza, la Kiswahili, kisha maelezo.

```
suspension	kusimamishwa kazi kwa muda	mkataba bado upo
termination	kusitishwa kwa mkataba	SI "kusimamishwa"
summary dismissal	kufutwa kazi papo hapo	Sheria ya Ajira 2007, k. 44
redundancy	kupunguzwa kazini	k. 40; SI "kufutwa"
```

Ongeza na mistari ya vitenzi, `terminate`, `suspend`, `dismiss`, kwa sababu sera inasema "the employee may be terminated" mara nyingi kuliko inavyotaja nomino.

Bint_Shela

Ahsante, mwalimu. Sasa, nikiwa na orodha hiyo kwenye Excel, kwa nini nihame? Na hizo nakala za zamani nizitupe?

Fundi_Istilahi

Usizitupe. Sehemu kubwa ni nzuri. Ila huna kumbukumbu bado, una faili za Word mbilimbili. Inabidi uzilinganishe sentensi kwa sentensi, na OmegaT ina chombo cha kazi hiyo, `Align Files`. Kaa macho: mtafsiri akiwa aliikata sentensi moja ya Kiingereza kuwa mbili za Kiswahili, mistari yote ya chini inaweza kuteleza kwa nafasi moja. Utaijua kwa namba. Kifungu 7.3 kikikaa mkabala na 7.4, rudi juu utafute palipokatika.

Ukishapata faili ya TMX, ambayo ndiyo kumbukumbu yenyewe, usiiweke kwenye `tm/auto/`. Folda hiyo hujaza tafsiri yenyewe palipo na mlingano kamili, na hilo ndilo tunaloliogopa. Iweke hapa:

```
tm/penalty-030/sera_za_zamani.tmx
```

Kila mlingano kutoka humo unapunguziwa 30, kwa hiyo 100% inakuja kama 70%. Utaiona, utaitumia kama rasimu, lakini itabidi uisome. Sera iliyokwisha kupitiwa na kukubaliwa ndiyo inayoingia `tm/` ya kawaida, bila kupunguziwa.

Excel haikuonyeshi chochote wakati unaandika; lazima ukumbuke mwenyewe kwenda kutazama. OmegaT hukuletea neno pembeni pale pale sentensi inapofunguka. Programu za kulipia zinakwenda mbele zaidi: neno uliloliwekea alama ya marufuku hukupigia kelele ukiliandika, na watu kadhaa hutumia benki moja kwa wakati mmoja bila shida. Kama mngekuwa watafsiri watano ningesema mlipie. Uko peke yako, OmegaT inatosha.

Kassim_Watamu

Nakubali kuhusu 100%. Lakini kubadilisha neno kwa mkupuo mmoja bado kunaokoa muda, tusidanganyane.

Bi_Zuhura_Mhariri

Mwanangu Kassim, kwa Kiingereza labda. Mimi nahariri Kiswahili, na makosa ya mkupuo nayaona kila wiki. Mtu alikuwa na "Tangazo la mwezi mmoja litatolewa na mwajiri." Ofisi ikaamua `notice` iwe "notisi". Akabadilisha neno moja, ikatoka "Notisi la mwezi mmoja litatolewa." Tangazo ni li-ya, notisi ni i-zi, ukihamisha jina sentensi yote inataka kuhama nalo. Tena hapo ni kiunganishi na kitenzi tu. Kwenye sentensi ndefu ya sera utakuta "hilo", "ambalo" na "lililotajwa" zimetawanyika mistari mitatu.

Na hiyo 100% ina mtego mwingine kwa Kiswahili. Kwenye fomu zenu kuna kisanduku kimeandikwa `Approved`. Kwa Kiingereza ni neno moja popote. Kwetu likizo imeidhinishwa, ombi limeidhinishwa, mkopo umeidhinishwa, cheti kimeidhinishwa. Kumbukumbu ikishika ya kwanza, itazijaza fomu zote "imeidhinishwa".

Fundi_Istilahi

Kweli kabisa, Bi Zuhura. Kwenye OmegaT hapo unachagua `Create Alternative Translation`, ili sehemu ile iwe na tafsiri yake bila kuigusa nyingine.

Vivyo hivyo kwenye ukaguzi. Usitafute "kusimamishwa kazi" kama ilivyo, kwa sababu sera imejaa "amesimamishwa", "atakayesimamishwa", "waliosimamishwa". Tafuta shina, kwenye dirisha la utafutaji, ukiwa umechagua `Regular expressions`:

```
\w*simamish\w* kazi
\w*futw\w* kazi
```

Usiliache neno "kazi" nje kwenye mstari wa pili, la sivyo utaletewa kila "anayetafutwa". Kwa upande mwingine, sentensi inayosema "atasimamishwa mara moja", bila "kazi", itakupita. Rudia mstari wa kwanza bila neno hilo, usome kwa jicho.

Kassim_Watamu

Na kuna sheria. Kwa Kenya nakala ya Kiswahili ndiyo inayofungamanisha kwa mfanyakazi, kwa hiyo sahihisheni hiyo kwanza.

Fundi_Istilahi

Sivyo hivyo, ndugu. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya mwenendo, utendaji mbaya au afya, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama. Hapo kinazungumzia maelezo, hakisemi nakala ipi ya sera ina nguvu zikipingana. Hilo kampuni iliandike ndani ya sera yenyewe. Bint_Shela, yenu imeandika?

Bint_Shela

Haikuandika popote. Nimempelekea meneja leo.

Nimekaa siku nne bila kurudisha majibu. Nimelinganisha sera mbili, ya nidhamu na ya mikataba. Ile ya mikataba iliteleza kweli kwenye kifungu cha 9, namba ndizo zilizoniamsha. Kisha nikatafuta shina la kwanza. "Simamish" pamoja na "kazi" imetokea mara 57. Nikazisoma zote mkabala na Kiingereza: 31 ni `suspension`, 22 ni `termination`, na 4, ambazo hata sikuzitarajia, ni `redundancy`. Hizo nne ndizo zilizonitisha, maana mtu anayepunguzwa ana haki ya malipo ya si chini ya siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza, na kwa maneno yetu asingejua kwamba ndiye anayetajwa.

Zote 26 zisizo `suspension` nimeziandika upya moja moja, kama alivyosema Bi Zuhura. Sentensi nane zilibidi zigeuzwe mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mtu "anasimamishwa" lakini kinachositishwa ni mkataba, kwa hiyo mtendwa amebadilika.

Hapo ndipo nilipokwama. Wafanyakazi wenzangu, Wagiriama na wengine, wakisoma "mkataba wako umesitishwa" wananiuliza, kwa hiyo nimeachishwa? Wao neno lao ni kuachishwa kazi. Wakili wa kampuni anataka "kusitishwa kwa mkataba".

Mzee_Langoni

Andika la wafanyakazi. Wao ndio watakaosomewa.

Fundi_Istilahi

Mimi sina uhakika, mzee wangu. "Kuachishwa" linamweka mwajiri kama mtendaji, na mkataba unaweza pia kusitishwa na mfanyakazi mwenyewe akiamua kuondoka. Labda dhana hiyo ivunjwe mistari miwili kwenye benki, kufuatana na nani anayesitisha. Lakini Kiingereza chenu kinatumia `termination` kwa yote mawili, kwa hiyo benki haitajua ipi ni ipi, itabidi mtafsiri aamue kila mara.

Bi_Zuhura_Mhariri

Basi Kiingereza ndicho kisahihishwe kwanza.

Bint_Shela

Hilo sikulifikiria. Sera ya mikataba ina `termination` mara 40 na kitu. Kesho nakaa na wakili tuzipitie moja moja, nitaleta jibu lake hapa.