Wauza Forester XT mnatuchosha, risiti ya turbo mpya SIO sevisi histori!

mzee_wa_boksa:
Wakuu habari za jioni, mniwie radhi leo nimevurugwa. Shemeji yangu anatafuta Forester XT, ile SH5 ya 2008 yenye EJ20 turbo, tukaenda kuona moja Tabata. Muuzaji namuuliza historia ya sevisi, anachomoa bahasha kwa mbwembwe, ndani kuna risiti MOJA ya turbo ya mwaka jana, "turbo mpya bosi, hapo huna presha tena". Namuuliza ile ya zamani ilikufa kwa nini, ananiangalia kama nimemtukana!!

Jamani turbo haifi tu yenyewe. Kwenye hizi EJ za AVCS oili inapanda kwenda kwenye turbo kwa kibomba chembamba nyuma ya hedi ya kulia, na nyingi zina kichujio kidogo cha wavu ndani ya bolti ya pale. Mtu akivusha oili mpaka kilomita elfu 10 au 12 wavu unaziba kwa masizi, turbo inakauka, shafti inakula beringi zake, na vyuma vyake vinateremka kwenye sampu. Sasa we ukifunga turbo mpya bila kushusha sampu na kubadili hicho kibomba umefanya nini? Hiyo mpya inakunywa uchafu uleule, na beringi za konrodi nazo zinakunywa.

Halafu kuna daftari eti la sevisi. Kila mstari elfu 5 kamili, peni ileile, mwandiko uleule, miaka minne yote! Dashibodi inasoma 87,000. Nikafungua boneti, kwenye kava la taimingi belti kuna stika ya Kijapani haijabanduliwa, imeandikwa 28.6 na 103,000 km. Hiyo 28 ni Heisei, yaani mwezi wa sita 2016. Belti ilibadilishwa ikiwa na 103,000 huko Japani, leo gari ina 87,000, imetembea kinyumenyume au?

kijana_wa_gereji:
Mkuu umesema kweli tupu. Mimi nazifungua hizi, risiti ya turbo naipokea ikiwa kwenye karatasi hiyohiyo kuna kibomba cha oili, bolti yake, gasketi au silikoni ya sampu, wavu wa pampu umesafishwa, oili iliyobaki kwenye intakula imemwagwa, na oili imebadilishwa tena baada ya muda mfupi. Hapo najua fundi alitafuta chanzo. Ikiwa turbo peke yake, nahesabu injini ina kesi mpaka ijitetee. Na daftari silisomi, nasoma risiti za duka la oili, lita 4 na kitu kila baada ya elfu 5, tarehe zisizopangika, maduka tofauti. Maisha ya kweli hayana elfu 5 kamili.

Baba Naila:
Shida ya Subaru ni hedi gasketi tu, hayo mengine mnakuza mambo. Na watu wanaweka 20W-50, hiyo ndo inaua turbo.

kijana_wa_gereji:
Baba Naila, hedi gasketi iliwasumbua zaidi wale wa EJ25 isiyo na turbo, japo hata hizi zikichemka zinatoa. Kwenye turbo mi naogopa zaidi pistoni kupasuka pale kwenye ringi, hasa silinda ya 4, na hasa kama mtu aliongeza busti. Pima kompresheni zote nne, usishangilie namba kubwa, angalia zinavyolingana. Tatu zikisoma 150 na moja 115, tia oili kidogo kwenye hiyo silinda upime tena, ikipanda ni ringi au pistoni. Ila pistoni iliyopasuka kidogo inaweza kukudanganya, kwa hiyo kama kuna mwenye kipimo cha kuvujisha hewa, tumia. 20W-50 kwa joto la Dar sijaona ikiua peke yake, kinachoua ni kuichelewesha.

Baba Naila:
Hapo bado sikubaliani. Oili nzito asubuhi inachelewa kufika juu.

mama_wa_vitz:
Samahani, Vitz yangu inatoa moshi wa bluu nikiwasha asubuhi, nayo turbo imekufa?

mzee_wa_boksa:
Dada Vitz yako haina turbo, fungua uzi wako wakusaidie 😂 Ila moshi wa bluu wa asubuhi usiupuuze.

mnunuzi_makini:
Kama stika imebanduliwa je?

kijana_wa_gereji:
Omba cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani, kina kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa huko. Akisema kimepotea, rudi kwenye kompresheni.

mzee_wa_boksa:
Jamaa kanipigia sasa hivi, anashusha milioni moja. Nikamwambia sawa, kesho tuje na fundi atoe intakula, aangalie kile kibomba na apime kompresheni. Anajibu "we nunua kwanza, gari ikiwa yako utafungua unavyotaka". Huyu mtu ana akili timamu kweli?