Bima ya kazini ikatwe siku ileile mtu anapoondoka?

mama_kijacho: Jamani mume wangu anapunguzwa kazini tarehe 15, mi ni mtegemezi wake kwenye bima na mimba ina miezi saba. Kadi inakufa siku hiyohiyo? Na hiyo ni haki kweli?

aliyekaa_utumishi: Mara nyingi inaisha siku ya mwisho ya kazi au mwisho wa mwezi ule, inategemea mwajiri alivyokubaliana na kampuni ya bima, na akitoka yeye wategemezi wote mnatoka. Kinachonitia hofu ni uzazi. Ukikata bima binafsi leo nyingi zinataka usubiri miezi kama 10 ndo zilipie kujifungua, na we umebakiza miwili. Kwa hiyo kabla hajasaini chochote aombe kwa maandishi majina yenu yasifutwe mpaka mwaka wa bima uishe, halafu aulize kama kuna kipengele cha kuhamia bima binafsi bila kuanza kusubiri upya. Kikiwepo kina siku zake, mara nyingi 30, zikipita ndo basi.

hoja_kwanza: Mwajiri amlipie mtu asiyemfanyia kazi kwa lipi? Hasa aliyeacha mwenyewe.

aliyekaa_utumishi: Mara nyingi ada ya mwaka ishalipwa. Jina likifutwa katikati, kampuni ya bima humrudishia mwajiri ada ya miezi iliyobaki, kwa hiyo akikuacha anakosa marejesho tu, hatoi hela mpya. Kwa aliyepunguzwa naona ni haki yake kabisa. Aliyeacha mwenyewe, hapo sina uhakika.

safari_ndefu: Marekani sheria inakuachia bima miezi 18 bure, kwetu mbona hamna?

aliyekaa_utumishi: Si bure ndugu. Hiyo COBRA unalipa ada yote mwenyewe, yako na ile aliyokuwa analipa mwajiri, hadi asilimia 102, tena kipindi ambacho mshahara hauingii. Wengi inawashinda.

baba_mapacha: Mi niliacha kazi mwenyewe kadi ikaendelea kukubali wiki tatu, nikajua bado nimo, mtoto akaumwa nikamlaza, kuja kulipwa mafao nakuta bili yote imekatwa humo. Kumbe jina lilichelewa tu kufutwa kwenye mfumo. Kadi kukubali pale mapokezi isikudanganye, omba barua yenye tarehe ya mwisho.

aliyekaa_utumishi: Na barua hiyohiyo ionyeshe mlianza lini. Kampuni mpya ikiona hamkukaa bila bima hapo katikati inaweza kuwapunguzia muda wa kusubiri, ila hailazimiki.

hoja_kwanza: Kwa mjamzito sawa, nakubali. Lakini kila mtu? Mwakani mwajiri atapandishiwa ada kwa matibabu ya watu walioshaondoka.

mama_kijacho: Ameandika leo, wanajibu Ijumaa. Je nikilazwa tarehe 14 na usiku wa 15 bado niko wodini?

aliyekaa_utumishi: Hapo mikataba inatofautiana, mingine inalipa mpaka uruhusiwe, mingine inakata usiku uleule. Aongeze swali hilo kwenye barua kabla ya Ijumaa.