Tadalafili: kila siku au siku ya shughuli tu? Naomba ushauri

Wakuu, habari za leo. Nina miaka 56. Nilipokuwa kazini mkoani, nyumbani nilirudi wikiendi mbili kwa mwezi. Nilikuwa nikimeza tadalafili, dawa ya nguvu za kiume, ya miligramu 10 Ijumaa jioni kabla ya kupanda basi, na hadi Jumapili asubuhi bado ninajiweza, maana hufanya kazi hadi saa 36. Kichwa na kiuno viliuma kidogo, nikavumilia.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani muda wote. Kuangalia saa kumenichosha, na mama watoto ananitania kwamba namwekea miadi kama daktari. Halafu tezi dume imevimba: usiku naamka mara 4 kukojoa, na mkojo unatoka kwa kusitasita.

Daktari anasema nihamie miligramu 5 kila siku, saa ileile, kwa kuwa kidonge hicho husaidia na mkojo pia. Dawa hutulia mwilini baada ya siku 5 hivi. Amesema anayekutana na mkewe mara moja moja hana haja ya kumeza kila siku. Aliniuliza pia kama natumia dawa ya moyo ya jamii ya naitreti. Ningekuwa naitumia, angeninyima dozi zote mbili, ya kila siku na ya siku ya shughuli.

Shida ni kwamba tayari natumia tamsulosini, dawa ya tezi dume ambayo nayo hushusha presha, na juzi nilipoinuka kitandani nilishika ukuta kwa kizunguzungu. Nitamwambia kabla sijaanza. Aliyezitumia pamoja, presha ilikuwaje? Na usiku ulianza kulala lini?