Tupeane uzoefu: kuomba TRA ulipe deni kwa awamu wakati hela yako inasubiri korosho

Duka la Bati, Masasi
Wakuu, naanza na langu. Nauza bati, misumari na saruji. Mwaka juzi nilikutwa na deni la 4,860,000, kodi ya miaka miwili pamoja na adhabu na riba. Kwa woga nikaandika barua kwamba nitamaliza kwa miezi sita, 810,000 kila mwezi. Nilidhani ahadi kubwa itawafurahisha. Ilikuwa Februari! Mwezi wa kwanza nikalipa kwa kukopa kwa shemeji, wa pili nikashindwa, nikanyamaza. Siku moja naenda kutoa hela ya mzigo, benki wananiambia akaunti ina amri ya mapato. Ahadi ikivunjika, deni lililobaki lote linadaiwa kwa mkupuo.

Aliyeruka mtego huu aseme alipangaje.

Mama Stoo, Nachingwea
Pole kaka. Awamu si ni zile nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba? Mimi nalipa hizo kila mwaka na sijawahi kuandika barua.

Mtunza Vitabu, Mtwara mjini
Hizo ni za kodi ya mwaka huu, mama. Hapa tunaongelea malimbikizo. Na ndipo wengi wanapojikwaa: wanalipa deni la zamani, wanaacha robo ya Juni ipite, deni jipya linazaliwa juu ya lile. Mkionana na afisa wa madeni, hilo ndilo la kwanza analotazama: je, ritani za sasa zimeingia? Barua haina nguvu kama nyuma yake kuna ritani hazijapelekwa.

Duka la Bati, ulirudi tena kuomba?

Duka la Bati, Masasi
Nilirudi, nikiwa na madaftari ya mauzo na stetimenti ya benki ya miezi kumi na mbili. Tukakaa na kijana mmoja anayejua hesabu, akaniuliza swali moja tu: mwezi mbaya kuliko yote unabaki na ngapi baada ya pango, mzigo na chakula cha nyumbani? Aprili nilibaki na 260,000. Akaniambia hapo usiahidi hata 250,000, mtoto akiugua umekwisha. Andika 200,000.

Nilipokwenda nilikuwa nimeshalipa 860,000, ile 810,000 ya shemeji na 50,000 ya mfukoni, risiti nikazibana kwenye barua. Zikabaki 4,000,000. Nikapanga 200,000 kuanzia Aprili hadi Oktoba, miezi saba, jumla 1,400,000. Minada ya korosho ikianza na wakulima wakalipwa kupitia vyama vyao, watu wanaezeka nyumba, kwa hiyo Novemba 900,000, Desemba 900,000, Januari 800,000. Afisa alisita kuona awamu hazilingani. Nikamfungulia daftari la Novemba, mauzo karibu mara nne ya Aprili. Akaupitisha kwa meneja, nikapewa kibali cha maandishi.

Kijana wa Newala
Raha ya kibali ni kwamba riba inasimama siku hiyo hiyo. Mimi niliambiwa hivyo.

Mtunza Vitabu, Mtwara mjini
Umeambiwa nusu, mdogo wangu. Kibali kinazuia kukimbizwa, kama unalipa. Riba inaendelea kwenye salio mpaka shilingi ya mwisho. Ndiyo maana Duka la Bati akifika Januari asishangae mfumo unaonyesha kiasi kidogo bado. Aombe taarifa ya akaunti yake ya kodi katikati ya safari, asisubiri mwisho. Na kila malipo yawe na kontroo namba ya deni lenyewe. Nimeona hela ya mtu imekaa kwenye kodi ya mwaka mwingine, yeye anajiona amelipa, mfumo unamwona mdaiwa.

Duka la Bati, Masasi
Kweli, ilibaki 300,000 na ushee. Nililipa Februari.

Muuza Ufuta, Lindi
Nami nilikwama Agosti, bei ya ufuta iliniangusha. Nikaenda siku nne kabla ya tarehe, si baada, na 120,000 mkononi badala ya 300,000, na barua fupi inayosema salio nitalipa lini. Nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Waliniachia. Jirani yangu alifanya hivyo hivyo wiki mbili baada ya tarehe, akaambiwa aanze upya.

Kijana wa Newala
Sasa mie nadhani hata deni lenyewe si sahihi, walinikadiria kama duka la jumla. Niombe awamu kwanza, au nipinge?

Mtunza Vitabu, Mtwara mjini
Pingamizi lina siku 30 tangu upewe makadirio, na kuna sehemu ya kulipa kwanza. Barua ya kuomba awamu ukiandika "nakubali deni lote", umejifunga. Makadirio ulipewa lini?

Kijana wa Newala
Nadhani siku ya ishirini na sita leo. Ngoja nitafute karatasi.