Tupeane uzoefu: sonona au amelemewa na kisukari?

Nesi wa Moshi: Wenzangu wa kliniki za sukari, hapa mnafanyaje? Mama wa miaka 52, muuza ndizi Mbuyuni, dodoso la sonona, PHQ-9, limetoka 12. Sukari yake 19, usiku anaamka kukojoa mara nne. Tumwandikie dawa ya sonona?

Mzee wa Wodi: Usiishie kwenye jumla, angalia alama zimetoka wapi.

Nesi wa Moshi: Usingizi 3, uchovu 3, hamu ya kula 3, umakini 2, kukosa raha na shughuli 1. Huzuni 0. La tisa, la kujidhuru, 0.

Mzee wa Wodi: Basi alama 9 kati ya 12 zinaweza kuwa za sukari yenyewe. Sonona inataka swali la kwanza au la pili, yaani kukosa raha au huzuni, lifike angalau 2, na kwake hakuna lililofika. Muulize yale mawili ya DDS, dodoso la kulemewa na kisukari: anaona kisukari kimemzidi nguvu? Anaona anashindwa kufuata masharti? Kila moja ni 1 hadi 6. Wastani ukifika 3, amelemewa.

Nesi wa Moshi: Amejibu 5 na 6. Anasema vijiti vya kupimia vimeisha na nyumbani wanamsema kila akigusa ndizi.

Mzee wa Wodi: Hapo ndipo pa kushika. Rekebisha dozi, mpe lengo moja tu hadi kliniki ijayo, na umwite anayempikia mzungumze pamoja. Vidonge vya sonona havitamletea vijiti. Sukari ikitulia, rudia PHQ-9.

Kijana wa Ngaramtoni: Kumbe ni sukari tu! Ishushe, mawazo yataisha.

Mzee wa Wodi: Kwa huyu huenda. Wapo wenye yote mawili, na wapo wenye sonona huku sukari ni nzuri. Swali la tisa likipata hata 1, hakuna kusubiri: anaonwa siku hiyohiyo, faragha, na unamuuliza insulini anaiweka wapi na nani anaishika.

Dada Famasi: Wengi tayari wanakunywa amitriptilini ya ganzi ya miguu. Si inatosha kwa sonona pia?

Mzee wa Wodi: Miligramu 25 usiku ni za maumivu ya neva, kwa sonona kwa kawaida hazitoshi. Tena inaongeza hamu ya kula, na akimeza nyingi kwa pamoja ni hatari, kwa hiyo mpe za siku chache. Akianza fluoksetini ya sonona huku anatumia glibenklamidi ya kushusha sukari, sukari inaweza kushuka. Apime mara kwa mara.

Mama Neema: Mimi natetemeka na kuogopa kila saa tano asubuhi. Ni sonona?

Nesi wa Moshi: Pima saa hiyohiyo, mama. Ikiwa chini ya 4, kunywa chai yenye sukari, upime tena baada ya dakika 15, kisha uje tuangalie dozi.

Sista Arusha: Sisi maswali ya PHQ-9 tunayauliza wakati wa kupima presha, lakini foleni yote inasikia. Mtu akisikilizwa na jirani zake, huzuni huwa 0.

Nesi wa Moshi: Hata huyu aliulizwa benchi. Nitamrudia chumbani.